Kabla ya Kuzidisha, Jua Uko Mstari Gani

Mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma PCM kule Tegeta, au EGM kule Mbagala, ukimpa sin(3x² + 1) atakutafutia mteremko wake bila kusita. Amezoea. Fomula iko mbele yake, na kazi ni kufuata hatua alizofundishwa tangu kidato cha tano. Mpe sasa jedwali lenye mistari minne ya namba tupu, lisilo na fomula hata moja, umwambie atafute mteremko wa f(g(x)) pale x ikiwa 2. Wengi hukwama hapo. Wengine hawakwami, lakini huandika jibu ambalo si lenyewe na kwenda swali linalofuata wakiwa na amani.

Shida yao si kutojua kanuni ya mnyororo. Wameikariri na wanaweza kuitaja usingizini. Shida ni kwamba hawajui namba ipi isomwe kwenye mstari upi. Fomula ilikuwa inawafichia swali hilo, kwa sababu ukishapata f′(x) unaweka x popote na hesabu inajiendesha. Jedwali halifichi kitu. Linakutaka ujue, katika kila hatua, ni namba gani inaingia kwenye funksheni gani.

Maswali ya namna hii ni ya kawaida sana kwenye mtihani wa Kimarekani wa AP Calculus, na yamo kwenye kitabu cha kalkulasi cha James Stewart, kinachotumiwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo vikuu katika nchi nyingi. Kwa hiyo hata kama mazoezi yako ya sasa yamejaa fomula, ukienda chuo kusomea uhandisi, uchumi au hisabati yenyewe, jitayarishe kukutana nayo. Nitatumia jedwali moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nakushauri ulinakili kwenye daftari lako la kaunta kabla ya kuendelea kusoma.

| x | f(x) | f′(x) | g(x) | g′(x) |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 2 | 1 | 4 | −1 |
| 2 | 3 | 5 | 3 | −3 |
| 3 | 7 | 4 | 1 | −2 |
| 4 | 9 | 2 | 0 | −4 |

Tumeambiwa kwamba f inapanda muda wote, g inashuka muda wote, na zote mbili zina mteremko kila mahali. Katika makala haya, mstari ni ule unaokwenda kutoka kushoto kwenda kulia, na safu ni ile inayoshuka. Ninaposema "mteremko wa f" namaanisha kile unachokiandika f′(x) darasani. Namba iliyo kwenye safu ya kwanza kabisa, ile ya x, ndiyo jina la mstari. Ukisema "mstari wa 3", maana yake ni mstari ambao x yake ni 3, na si mstari wowote wenye 3 ndani yake. Shika hilo, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo.

Tuanze na swali lenyewe: h(x) = f(g(x)). Tafuta h′(2).

Kanuni ya mnyororo inasema h′(x) = f′(g(x)) · g′(x). Weka 2 mahali pa x: h′(2) = f′(g(2)) · g′(2). Iandike hivyo hivyo kwenye karatasi ya majibu kabla hujagusa jedwali. Usirukie namba.

Sasa weka kidole kwenye mstari wa 2. Ukiwa hapo kuna vitu viwili vya kusoma, na vyote ni vya g: g(2) ni 3, na g′(2) ni −3. Viandike vyote viwili kabla hujahamisha kidole. Ile 3 uliyoipata inakuambia mstari unaofuata, nayo −3 itasubiri kuzidishwa. Hamisha kidole hadi mstari wa 3, usome f′(3), ambayo ni 4. Zidisha: 4 × (−3) = −12. Hilo ndilo jibu.

Kidole kimehama mara moja. Funksheni ya ndani, yaani g, imesomwa kwenye mstari ulioulizwa. Funksheni ya nje, yaani f, imesomwa kwenye mstari ulioelekezwa na g. Hii ndiyo kanuni ya mnyororo yote, ukiitazama kwa macho ya jedwali.

Makosa mawili yanayojitokeza zaidi yana sura inayotambulika. La kwanza ni kutohamisha kidole kabisa: mwanafunzi anasoma f′(2) = 5 na g′(2) = −3, anapata −15. La pili ni kuhamisha vyote viwili: anakwenda mstari wa 3, anasoma f′(3) = 4 na g′(3) = −2, anapata −8. Ukisahihisha zoezi lako na kukuta jibu lako ni −15 au −8, huna haja ya kurudia mada nzima. Tayari unajua ulikosea wapi: kidole kilibaki pale pale, au kilihama na mzigo wote.

Ninaongeza la tatu, kwa sababu nalo linajitokeza: wapo wanaosoma g′(2) = −3 na kuipeleka −3 hiyo ndani ya f′. Hapo jedwali lenyewe linakukatalia, maana hakuna mstari wa −3. Jedwali likikukatalia, usikisie namba iliyo karibu. Rudi kwenye ule mstari wa kanuni ulioandika mwanzo, utaona kwamba kinachoingia ndani ya f′ ni g(2), na si g′(2).

Geuza mpangilio sasa. Kama k(x) = g(f(x)), k′(2) ni ngapi? Ya ndani ni f, kwa hiyo kwenye mstari wa 2 tunasoma f(2) = 3 na f′(2) = 5. Tunahamia mstari wa 3 na kusoma g′(3) = −2. Jibu ni (−2) × 5 = −10. Tulipata −12 kwa f(g(x)) na sasa −10 kwa g(f(x)), ingawa mara zote mbili kidole kilitoka mstari wa 2 kwenda mstari wa 3. Ukikutana na alama ya f∘g, kumbuka kwamba inayoanza kufanya kazi ni ile ya kulia, iliyo karibu na x. Ukiianza ya kushoto umejibu swali jingine.

Kuna jambo dogo la alama ambalo hugharimu alama za mtihani. (f∘g)′(2) na f′(g(2)) si kitu kimoja. Cha kwanza ni mteremko wa funksheni nzima, nacho ni −12. Cha pili ni mteremko wa f peke yake kwenye mstari wa 3, nacho ni 4. Mtunzi wa swali akitaka kukupima atauliza vyote viwili, (a) na (b), kimoja chini ya kingine. Soma alama ya mkato ilipo. Ikiwa nje ya mabano yanayofunga f na g pamoja, kanuni ya mnyororo inahusika. Ikiwa juu ya f tu, ni kusoma jedwali, hakuna kuzidisha.

Sasa twende kwenye funksheni kinyume, ambako watu huumia zaidi.

Tangu sekondari ya chini umefundishwa kutafuta kinyume kwa kubadilishana x na y, kisha kuifanya y ibaki peke yake. Njia hiyo ni sahihi, ila ina mwisho. Chukua f(x) = x³ + x. Ukibadilishana unapata x = y³ + y, na kuitoa y peke yake hapo si kazi ya kumaliza kwa mistari miwili. Lakini swali likiwa tu "mteremko wa f⁻¹ pale x ikiwa 2 ni upi?", huhitaji fomula ya f⁻¹ hata kidogo. Unahitaji kujua kwamba f(1) = 2, na kwamba f′(x) = 3x² + 1, hivyo f′(1) = 4. Jibu ni 1/4, basi.

Linatoka wapi? Funksheni na kinyume chake zikifuatana zinarudisha ulichoanza nacho: f(f⁻¹(x)) = x. Tafuta mteremko pande zote mbili. Upande wa kushoto ni funksheni ndani ya funksheni, kwa hiyo kanuni ya mnyororo inatoa f′(f⁻¹(x)) · (f⁻¹)′(x). Upande wa kulia ni 1. Gawanya, na unapata (f⁻¹)′(x) = 1 / f′(f⁻¹(x)). Hakuna kanuni mpya hapa. Ni ile ile ya mnyororo, na kwa hiyo kidole kinahama vile vile.

Turudi kwenye jedwali letu: tafuta (f⁻¹)′(3).

Andika kwanza: (f⁻¹)′(3) = 1 / f′(f⁻¹(3)). Tunahitaji f⁻¹(3), yaani x ipi inayoifanya f itoe 3. Hapa macho hayaanzi kwenye safu ya x. Yanaanza kwenye safu ya f(x), yanashuka hadi yakutane na 3, kisha yanakwenda kushoto kuusoma mstari huo unaitwaje. 3 iko kwenye mstari wa 2. Basi f⁻¹(3) = 2. Ukiwa kwenye mstari huo huo, soma f′(2) = 5. Jibu ni 1/5.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuona 3 kwenye swali, kukimbilia mstari wa 3, kusoma f′(3) = 4 na kuandika 1/4. Ili uone kwa nini hilo ni kosa, fikiria basi linaloondoka Mbagala Rangi Tatu kwenda mjini kwa Barabara ya Kilwa. Tuseme f(t) ni kilomita lilizokwenda baada ya dakika t. Dakika ya 10 liko kilomita ya 3, na mwendo wake wakati huo ni nusu kilomita kwa dakika. Funksheni kinyume inauliza upande wa pili: ukinipa kilomita, nitakupa dakika. Mteremko wake kwenye kilomita ya 3 ni dakika ngapi kwa kila kilomita, na kwa kuwa basi linakwenda nusu kilomita kwa dakika, jibu ni dakika 2 kwa kilomita. Mwendo tuliousoma ni wa dakika ya 10. Anayesoma f′(3) amechukua mwendo wa dakika ya 3, wakati pengine basi lilikuwa bado linapakia abiria kituoni. Ile 3 ya kwenye swali ilikuwa kilomita, yeye ameifanya dakika.

Kwa hiyo kila ukiona f⁻¹ na namba ndani yake, jiambie: namba hii ni matokeo ya f, si kinachoingia kwenye f. Itafute kwenye safu ya f(x).

Kosa la pili la funksheni kinyume linatokana na alama ya −1. Kwenye kikokotoo chako kuna kitufe cha x⁻¹, ambacho ukibonyeza 4 kinakupa 0.25. Juu ya kitufe cha sin kuna sin⁻¹, ambayo inakupa pembe, wala haigawanyi 1 kwa sin. Alama inafanana, kazi ni mbili. Kwenye swali letu, f⁻¹ ni ya aina ya pili. Ukiichukua kuwa 1/f(x), utatumia kanuni ya kugawanya na kupata −f′(x)/[f(x)]², na pale x ikiwa 3 utaandika −4/49. Jibu hilo lina dalili ya wazi kwamba limepotea: ni hasi. f inapanda, na kinyume cha funksheni inayopanda nacho kinapanda. Mteremko wake hauwezi kuwa hasi.

Hiyo ndiyo njia ya kujikagua ninayoipendekeza kwa kila swali la jedwali, kwa sababu haichukui hata nusu dakika. Angalia ishara. Inayopanda ndani ya inayopanda inapanda. Inayopanda na inayoshuka zikikutana, matokeo yanashuka. Mbili zinazoshuka zikikutana, matokeo yanapanda. Jibu letu la −12 na lile la −10 ni hasi, kama inavyotakiwa, kwa sababu f inapanda na g inashuka. Lakini jua mpaka wa ukaguzi huu: −15 na −8 nazo ni hasi. Ishara inakamata kosa la alama, haikamati kosa la mstari. Kosa la mstari linakamatwa na ile tabia ya kuandika f′(g(2)) · g′(2) kamili kabla ya kusoma namba.

Wapo wanaojaribu kukagua kwa tofauti za namba. Wanachukua f(3) − f(2) = 7 − 3 = 4, wanagawanya kwa 1, wanasema mteremko wa f pale 2 ni 4. Jedwali limeandika 5. Usibishane na jedwali. Ile 4 ni wastani wa mteremko kati ya 2 na 3, na 5 ni mteremko pale pale 2. Vyote vinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Tofauti za namba zina kazi yake pale tu ambapo jedwali halina safu ya f′(x) na swali limekuomba kukadiria. Safu ikiwepo, isome.

Tuunganishe sasa funksheni ndani ya funksheni na funksheni kinyume, maana hapo ndipo swali la mwisho la mtihani hupenda kukaa. Kama p(x) = g(f⁻¹(x)), tafuta p′(3).

Ya ndani ni f⁻¹, ya nje ni g. Andika: p′(3) = g′(f⁻¹(3)) · (f⁻¹)′(3). Tulishaona kwamba f⁻¹(3) = 2 na (f⁻¹)′(3) = 1/5. Kwenye mstari wa 2, g′(2) = −3. Jibu ni −3/5.

Tazama jibu hilo vizuri: ni g′(2) kugawanya kwa f′(2), namba mbili zilizo kwenye mstari mmoja. Aliyesoma funksheni zinazotumia t, ambapo x na y kila moja imeandikwa kwa t, ameshaliona umbo hili: dy/dx ni dy/dt kugawanya kwa dx/dt. Ni jambo lile lile. f inashika nafasi ya x, g inashika nafasi ya y, na safu ya kwanza ya jedwali ni t. Kwa hiyo aina hii ya swali, inayoonekana kubwa kuliko zote, inasomwa kwenye mstari mmoja tu, mradi umeutafuta mstari huo kupitia safu ya f(x).

Yapo maswali ambayo jibu lake ni kwamba hakuna jibu, na ni vema uyatambue. Ukiulizwa (f⁻¹)′(5) kwenye jedwali letu, 5 haimo kwenye safu ya f(x). Imo kwenye safu ya f′(x), na hapo ndipo wengi hunaswa. Kwa jedwali hili f⁻¹(5) haijulikani. Tunachojua ni kwamba iko kati ya 2 na 3, kwa kuwa f inapanda kutoka 3 hadi 7. Pia, kama f′ kwenye mstari unaohusika ingekuwa 0, ungelazimika kugawanya 1 kwa 0. Maana yake grafu ya f imelala mahali hapo, na ya f⁻¹ imesimama wima, haina mteremko. Mfano ni x³ pale x ikiwa 0. Mwishowe, kama namba moja ingejirudia kwenye safu ya f(x), f isingekuwa na kinyume. Lakini kutojirudia kwenye mistari minne hakuthibitishi kwamba kinyume kipo, kwa sababu hatujui kinachotokea katikati ya mistari. Ndiyo maana swali lililotungwa vizuri hukuambia kwamba f inapanda muda wote. Sentensi hiyo si ya kupamba swali. Kwenye kujieleza kwako, itaje.

Ukitaka zoezi huna haja ya kununua kitabu kingine. Chukua funksheni unayoifahamu, kwa mfano f(x) = x² kwa x iliyo kubwa kuliko 0, utengeneze jedwali la x kuanzia 1 hadi 4, kisha ufiche fomula. Tafuta (f⁻¹)′(9) kwa jedwali: 9 iko mstari wa 3, f′(3) = 6, jibu 1/6. Kisha funua fomula: kinyume chake ni √x, mteremko wake ni 1/(2√x), na ukiweka 9 unapata 1/6. Njia mbili, jibu moja. Mkiwa wawili au watatu kwenye kundi la kujisomea, kila mmoja atengeneze jedwali lake kwa siri na ampe mwenzake. Anayetengeneza jedwali anajifunza kuliko anayelijibu, kwa sababu lazima ahakikishe kwamba kila g(x) anayoihitaji ina mstari wake.

Kwenye karatasi ya mtihani, andika mambo matatu kwa kila swali la namna hii: kanuni ikiwa na namba ya swali ndani yake, thamani ulizosoma pamoja na mstari ulikozisoma, kisha hesabu. Ukiandika jibu tupu na likawa si sahihi, msahihishaji hana cha kukupa. Ukiandika f′(g(2)) · g′(2) = f′(3) · g′(2) kisha ukakosea kuzidisha, ameona kwamba kanuni unaijua na mstari umeupata, na hapo ndipo alama za njia hutolewa.